Kidirisha cha Ruhusa Kinapokuja kwa Lugha Usiyoisoma

Mdogo wangu anafanya kazi za nyumbani Maskati. Mwaka jana mama mwenye nyumba alimpa simu iliyokuwa ya mwanawe, simu nzima ikiwa imepangwa kwa Kiarabu. Siku moja akaweka programu ya kuremba picha, na alipoifungua vikamjia vidirisha katikati ya skrini. Akanitumia picha za vidirisha hivyo kwa kutumia simu ya mwenzake, na ujumbe mmoja tu: "Shikamoo kaka. Hapa nibonyeze wapi?"

Sisi wote wawili tulisoma madrasa Tanga, kwa hiyo herufi tunazijua. Lakini juzuu lina fataha, kasra na dhuma, na skrini ya simu haina hata moja. Alikuwa anayatambua maneno nusu nusu. Katika kitufe kimoja aliona السماح, akalisoma "as-samaha" na kuunganisha na samahani yetu. Akadhani simu inamwomba radhi kwa hitilafu fulani, akawa anaikubalia radhi hiyo kila inapokuja. Mzizi ameupata sawasawa, maana samehe na samahani zimetoka kwenye mzizi huohuo. Ila kwenye simu neno hilo maana yake ni kuruhusu. Kwa siku kadhaa programu ilikuwa na ruhusa, naye akidhani ametoa msamaha.

Hata mimi Kiarabu cha simu sikijui. Nilimjibu kwa kutazama umbo la vidirisha vyenyewe, na ndivyo ninavyotaka kueleza hapa, kwa sababu umbo hilo ni lilelile simu ikiwa kwa Kiarabu, Kiingereza, Kifaransa au Kichina. Nazungumzia simu za Android, hasa toleo la 12 lililotoka mwaka 2021 na yaliyofuata. Watengenezaji wengine hubadilisha rangi na kona za vitufe, lakini mpangilio kwa kawaida hubaki huu.

Kwanza ni kujua anayeuliza. Kidirisha cha ruhusa hakiandikwi na programu uliyoiweka. Kinaandikwa na simu yenyewe, kwa niaba ya programu. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, programu haiwezi kufungua kamera yako kabla simu haijakuuliza wewe, na simu huuliza kwa lugha iliyopangiwa. Ndiyo maana unaweza kuwa na programu iliyoandikwa Kiswahili kuanzia juu hadi chini, halafu kidirisha kikaja kwa Kiarabu. Programu haijabadilika. Ni simu ndiyo imeingia kati na kusema kwa lugha yake.

Kidirisha hicho cha simu kina alama zake. Skrini ya nyuma hufifia. Juu kabisa, katikati, panakuwa na picha ndogo. Chini yake ni sentensi moja ya swali, na ndani ya sentensi hiyo jina la programu limekolezwa wino. Jina hilo mara nyingi hubaki kama lilivyoandikwa na wenyewe, kwa hiyo hata katikati ya Kiarabu utaliona kwa herufi za kawaida. Kisha vitufe, kimoja chini ya kingine. Hakuna maua, hakuna rangi za programu, hakuna kitufe kimoja kikubwa kinachong'aa. Ukiona dirisha la rangi rangi lenye katuni na kitufe kimoja kinene, hilo ni la programu yenyewe, inakuandaa kabla ya kidirisha halisi kuja. Ukilipita hilo bado hujatoa ruhusa yoyote. Ruhusa hutoka kwenye kile cha simu tu.

Sasa ile picha ndogo ya juu. Kamera huchorwa kama kamera. Mahali ulipo huchorwa kwa alama ya tone lililopinduliwa, lenye ncha chini, kama ile ya kwenye ramani. Namba za simu ulizohifadhi huchorwa kwa kichwa na mabega ya mtu, mara nyingi ndani ya kikadi. Kipaza sauti na simu ya mkononi nazo zina picha zake. Picha hizi hazitafsiriwi, kwa hiyo ndizo za kusoma kwanza. Nilimwambia mdogo wangu aache maneno, anitajie picha. Akasema: "Ya kwanza ina tone, ya pili ina mtu, ya tatu nilipobonyeza kamera ikaja kamera." Hapo tayari tulikuwa tumejua maswali yote matatu.

Baada ya picha, hesabu vitufe.

Kidirisha cha kamera kina vitufe vitatu. Cha mahali ulipo kina vitatu pia. Cha namba za simu kina viwili tu. Hii si bahati ya mchoraji. Kwa kamera na mahali, cha juu huruhusu wakati unapoitumia programu, cha katikati huruhusu mara hii moja tu, na cha chini hukataa. Kwa namba za simu hakuna "mara hii tu" wala "wakati ninapoitumia". Cha juu ni ndiyo, cha chini ni hapana, basi. Na ukitazama kinachoombwa, utaelewa kwa nini cha katikati hakipo: orodha ya namba ikisomwa mara moja, imeshasomwa. Programu inayopewa nafasi ya sekunde chache inatosha kuichukua yote na kuipeleka kwenye kompyuta ya mwenye programu, na kuifuta ruhusa kesho hakuirudishi.

Kamera haiko hivyo. Tangu Android 9, programu iliyofungwa haiwezi kuendelea kuchungulia kamera kwa siri huko nyuma. Na tangu Android 12, kamera au kipaza sauti kikiwa kinatumika, alama ya kijani hutokea kwenye kona ya juu ya skrini, kisha inasinyaa na kuwa nukta. Nukta ikiwaka na wewe hupigi picha wala huongei, unajua kuna jambo. Namba zako zinaposomwa hakuna nukta inayowaka. Hakuna sauti wala alama. Kwa hiyo kidirisha chenye vitufe vichache kuliko vyote ndicho kinachoomba kitu kizito kuliko vyote, tena kitu ambacho si chako peke yako, maana mle ndani mna namba ya mama, ya mwalimu wa mtoto, ya jirani aliyekukopesha.

Watu wa Kenya wanalijua hili kwa uchungu, kutokana na programu za mikopo zilizokuwa zikisomba namba za mkopaji kisha kuwapigia ndugu na wakubwa wake wa kazi kumwaibisha akichelewa kulipa. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza kampuni moja ya mikopo ya namna hiyo faini ya shilingi 2,975,000. Mwaka huohuo, kuanzia tarehe 31 Mei, duka la programu la Google lilipiga marufuku programu za mikopo ya watu binafsi kuomba namba za simu na picha za mteja. Lakini programu iliyotumwa kwa kiungo cha WhatsApp haipiti dukani, na sheria ya duka haiigusi. Huko kitufe chako cha chini ndicho kilichobaki.

Turudi kwenye maneno ya vitufe, kwa sababu kuna jambo dogo linalosaidia sana. Mdogo wangu aliona السماح katika vitufe vyote viwili vya kile kidirisha chenye picha ya mtu, akazidi kuchanganyikiwa: "Kaka, vyote vinasema kitu kimoja!" Nikamwambia atazame vizuri. Cha juu kiliandikwa السماح peke yake. Cha chini kiliandikwa عدم السماح. Kile cha chini kimebeba neno la ruhusa na kuongezewa kipande cha kulikanusha. Ukikilinganisha na lugha nyingine unakuta ni vilevile. Kiingereza ni Allow na Don't allow. Kifaransa, kwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi ambao simu zao huja kwa Kifaransa, ni Autoriser na Ne pas autoriser. Hata Kiswahili cha simu ni Ruhusu na Usiruhusu. Kwa hiyo katika kidirisha cha vitufe viwili, kitufe kirefu chenye neno la mwenzake ndani yake ndicho cha kukataa, nacho hukaa chini. Simu za zamani, za kabla ya toleo la 12, zilikuwa na maneno mengine na wakati mwingine vitufe vilipangwa ubavu kwa ubavu, kwa hiyo huko usitegemee urefu wa neno.

Kidirisha cha mahali ulipo kina kitu cha ziada ambacho wengi hukipita bila kukiona. Kati ya swali na vitufe pana miduara miwili yenye vipande vya ramani. Mmoja unaonyesha mitaa kwa karibu na alama katikati, mwingine ni ramani ya mbali isiyo na alama kali. Miduara hii si mapambo, inabonyezwa. Ule wa karibu huipa programu mahali ulipo kwa usahihi wa takriban mita 50, mara nyingine mita 3 tu, yaani nyumba na pengine chumba. Ule wa mbali huipa eneo la kilomita za mraba kama 3, yaani mtaa au kijiji bila nyumba. Ukiugusa ule wa mbali kwanza, ndipo ubonyeze kitufe cha katikati, umetoa kidogo kabisa kinachoweza kutolewa bila kukataa. Kwa programu ya hali ya hewa hiyo inatosha kabisa. Kwa teksi haitoshi, dereva atakutafuta mtaa mzima.

Programu ya kuremba picha haikuwa na haja ya hata mtaa. Iliuliza mahali sekunde ile ilipofunguliwa, kabla mdogo wangu hajagusa chochote, na hicho ndicho kipimo ninachokitumia zaidi nisipoweza kusoma: kidole changu kilikuwa kimegusa nini sasa hivi? Aligusa alama ya kamera, kikaja kidirisha cha kamera. Hilo lina mantiki, alikuwa anataka kujipiga picha. Lakini tone la ramani na kichwa cha mtu vilikuja vyenyewe mlangoni, havikutokana na kitu alichokifanya. Kuremba picha na namba za simu za shangazi zetu havina uhusiano.

Kama huna hakika, hulazimiki kujibu papo hapo. Kurudi nyuma, kwa kitufe au kwa kupangusa kutoka ukingoni, hukiondoa kidirisha, na simu haihesabu kwamba umekataa moja kwa moja. Piga picha ya skrini, mtumie anayesoma lugha hiyo, kisha urudi. Kukataa nako si kosa la kujutia, ila lina kikomo kinachowatesa watu wengi: tangu Android 11, ukikataa mara mbili ruhusa ileile kwa programu ileile, simu inachukulia kwamba hutaki kuulizwa tena. Kidirisha hakiji tena. Hapo ndipo utamsikia mtu akilalamika kwamba kamera ya WhatsApp imekufa, wakati kamera ya simu yenyewe inapiga picha vizuri. Ukiona hivyo, programu moja haioni na simu inaona, hakuna kilichoharibika. Umekataa mara mbili, na sasa ruhusa inapatikana kwenye sehemu ya mipangilio tu.

Njia ya kufika huko bila kusoma neno ni hii, ndiyo tuliyoipita na mdogo wangu kwa simu ya video, yeye akielekeza kamera ya simu ya mwenzake kwenye skrini yake. Nilimwambia abonyeze picha ya ile programu na asiachie. Kikatokea kijisanduku, ndani yake herufi i ndani ya duara. Alipoigusa ukafunguka ukurasa wa programu hiyo wenye jina lake juu. Chini kuna mistari kadhaa, na mmoja wapo hufungua orodha yenye picha zilezile: kamera, tone, mtu. Alijaribu mstari wa arifa kwanza, akarudi, wa pili ndio ukawa wenyewe. Kujaribu hapo hakuna hasara, kuingia na kutoka hakubadilishi kitu mpaka uguse swichi au duara.

Orodha ile imegawanyika mafungu mawili, zilizoruhusiwa juu na zilizokataliwa chini. Zote tatu zilikuwa fungu la juu. Akagusa picha ya mtu, zikaja duara mbili, akachagua ya chini. Aliporudi nyuma, picha ya mtu ilikuwa imeshuka fungu la chini, na kushuka huko ndiko kulikotuhakikishia kwamba tumefanya sawa, si maneno. Kwenye tone la ramani zilikuja duara nyingi zaidi. Hapa kuna mtego wa kuujua: kwenye ukurasa huu, tofauti na kwenye kidirisha, duara ya juu kabisa inaweza kuwa ile ya kuruhusu muda wote, hata programu ikiwa imefungwa na simu iko mfukoni. Tangu Android 11 ruhusa hiyo nzito haitolewi ndani ya kidirisha. Programu inayoitaka hukurusha mpaka kwenye ukurasa huu ili uichague mwenyewe. Ukijikuta umerushwa ghafla kwenye ukurasa wenye tone la ramani na duara zimepangana, usiguse ya juu kwa mazoea. Ya chini kabisa ndiyo ya kukataa. Aliigusa hiyo. Kamera tuliiacha ilivyo, kwa sababu ndiyo kazi ya programu yenyewe.

Programu iliendelea kufanya kazi, maua kichwani na mashavu ya waridi kama kawaida. Hiyo pia ni taarifa: ilichokiomba haikukihitaji. Si kila programu iko hivyo. WhatsApp ukiinyima namba itatuma ujumbe vizuri tu, lakini itakuonyesha tarakimu badala ya majina, na hapo unaamua mwenyewe. Ila programu ya tochi au ya picha inayogoma kufunguka mpaka ipewe namba zako, mimi naifuta bila kuijadili.

Swali lililobaki alikuwa nalo yeye: zile namba zilizokuwa wazi siku zote zile, zimechukuliwa? Sikuwa na namna ya kumjibu, wala simu haina ukurasa unaoonyesha kilichotumwa nje. Tulichofanya ni kuandika ujumbe kwa watu wa nyumbani, kwamba akija mtu kwa namba ngeni akisema yeye ni fulani wa Maskati na ana shida ya pesa, wampigie kwanza mdogo wangu wamsikie sauti. Mama alijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne.

Mwisho tukabadilisha lugha yenyewe. Android ina Kiswahili, na katika orodha ya lugha kila lugha imeandikwa kwa jina lake na kwa herufi zake, kwa hiyo hata ndani ya simu ya Kiarabu utaliona neno Kiswahili, na nchi pembeni. Kufika kwenye orodha hiyo ndiyo kazi, maana kila kampuni imeiweka pake. Yeye alianzia kwenye alama ya gurudumu la meno, akashuka mpaka mwisho, akawa anafungua mistari mmoja mmoja hadi akakuta orodha ya lugha. Akaongeza Kiswahili, akakiburuta mpaka nafasi ya kwanza, na skrini nzima ikageuka hapohapo, hata upande wa maandishi ukahama kutoka kulia kwenda kushoto ukawa kushoto kwenda kulia. Alicheka kwa sauti.

Wiki mbili baadaye akaniandikia tena. Alikuwa ameweka programu nyingine, ya mapishi, na safari hii alisoma kila neno mwenyewe: inaomba ifikie anwani zake. "Kaka, inataka anwani. Niipe ya hapa kwa mama au ya nyumbani Tanga?"

Kiswahili cha simu, zile namba za watu ulizozihifadhi kinaziita anwani. Neno zuri, lakini kwetu anwani ni sanduku la posta na jina la mtaa. Nikamuuliza juu ya hayo maneno kuna picha gani.

"Kichwa cha mtu," akasema, "kwenye kikadi." Kisha kabla sijaongeza kitu: "Na vitufe viwili. Basi nimeshabonyeza cha chini."